Visoda, kete na pedi: gemu ilipoanza kudai mikono miwili

Ukipita Mwanjelwa pale Mbeya, au vijiwe vya Miyomboni mjini Iringa, mida ile ya mchana ambayo biashara imelala, hukosi kukuta watu wameinamia ubao wa drafti. Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba 64, na kete ni visoda 24, kumi na mbili kila upande. Sasa angalia visoda hivyo vizuri. Vimeokotwa baa na dukani, kwa hiyo rangi zimechanganyika: chekundu cha soda hii, cha dhahabu cha bia ile, cha kijani cha nyingine. Rangi haikuambii chochote kuhusu nani mwenye kete. Kinachokuambia ni jinsi kisoda kilivyokaa. Mchezaji mmoja vyake vimelala kifudifudi, mgongo juu. Mwenzake vyake viko chali, meno 21 ya ukingo yakiangalia mbinguni. Kete ikifika mwisho ikawa kingi, unaweka kisoda juu ya kisoda.

Hakuna mtu aliyekaa chini akasema "tutengeneze drafti kwa ajili ya watu wasiotofautisha rangi." Ilikuwa shida tu ya visoda kutokuwa na rangi moja. Lakini matokeo yake ni drafti ambayo mtu asiyeona nyekundu na kijani anaicheza bila tatizo lolote, na hata mtu asiyeona kabisa anaweza kupapasa ubao akajua kete ipi ni yake. Na inachezwa kwa mkono mmoja, kwa zamu, bila saa.

Nataka twende pamoja na swali hili: kama kijiwe cha Mwanjelwa kilikuwa nalo jibu, ilikuwaje gemu za skrini zikahitaji miongo kadhaa kulipata? Tuanze na macho, tupite masikioni, halafu tukae kwa muda kwenye mikono, maana huko ndiko mambo yalikogoma zaidi.

Kwenye jicho lako, nyuma kabisa, kuna aina tatu za seli zinazopokea rangi. Aina mbili kati ya hizo, zile zinazotusaidia kutenganisha nyekundu na kijani, maelekezo yake yako kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, ile aliyopewa na mama yake. Ikiwa na hitilafu, hana akiba. Mwanamke ana mbili, kwa hiyo moja ikikosea nyingine huwa inabeba mzigo. Ndiyo maana hali hii huonekana zaidi kwa wanaume, na mara nyingi inatoka kwa babu mzaa mama, ikapita kimya kwa mama, ikatokeza kwa mjukuu. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama mmoja kati ya kumi na wawili. Kwetu Afrika ni wachache kuliko hapo, lakini wapo, na wengi hawajijui. Mtu amezaliwa akiona hivyo. Atajuaje kwamba wewe unaona vingine? Mwanasayansi John Dalton aligundua hali hiyo kwake mwenyewe na kuisoma mbele ya wenzake Manchester mwaka 1794, akadhani tatizo ni kimiminika cha buluu ndani ya jicho. Aliagiza macho yake yachunguzwe akifa. Kimiminika hakikuonekana, lakini macho yakatunzwa, na mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kilichokosekana ni ile seli ya kijani.

Sasa chukua karata. Mchezo wa lasti kadi kila mtu anaujua: unashusha kadi inayofanana na iliyoko mezani, kwa namba au kwa aina. Aina ni nne, kopa, uru, shupaza na pau, na kila moja ina umbo lake. Rangi ziko mbili tu, nazo ni nyongeza. Hata ukizifuta zote ukabaki na karatasi nyeusi na nyeupe, mchezo unaendelea. Mwaka 1971 kule Marekani mchezo wa ukoo huohuo wa lasti kadi ulipewa karata mpya ukaitwa Uno. Namba zikabaki, lakini zile aina nne zikageuzwa rangi nne: nyekundu, kijani, buluu na njano. Umbo likaondolewa. Yaani mchezo ambao kila mtu aliweza kuucheza ukatengenezewa kizuizi, bila mtu kukusudia, kwa sababu tu rangi zinapendeza na ni rahisi kuchapa. Mwaka 2017 ndipo likatoka toleo la Uno lenye alama ndogo za ColorADD, mfumo wa Mreno Miguel Neiva, ambapo kila rangi ina alama yake pembeni ya kadi. Miaka 46 kurudisha kitu kinachofanya kazi ya kopa na shupaza.

Kwenye skrini hadithi ni hiyohiyo. Fikiria ludo ya simu. Vijumbe vyote vina umbo moja, kilichobadilika ni rangi tu. Kwa mtu ambaye seli zake za kijani hazifanyi kazi, nyekundu na kijani zote zinaelekea kwenye rangi ya ugoro, hasa akiwa juani na kioo kimefifia. Kwenye ludo ya ubao anajiokoa, kwa sababu anakumbuka nyumba yake iko kona ipi. Vijumbe vinapotoka na kuchanganyika njiani ndipo anapoanza kuuliza "hiki cha nani?" na wenzake wanadhani anataka kuiba. Ukimwona mtu mwerevu anauliza hivyo kila mara, au anasubiri kuona wewe unagusa kipi ndipo acheze, kuna uwezekano shida iko kwenye jicho.

Wapo watengenezaji walioshtuka mapema. Puzzle Bobble ya mwaka 1994, ile ya kurusha mapovu, iliweka kila rangi ya povu na umbo lake ndani. Candy Crush ya mwaka 2012 ilizipa peremende maumbo tofauti, ukiitazama bila rangi bado unaona ipi ni duara na ipi ni mraba. Hizi hazikuhitaji hata kitufe cha kuwasha msaada, kwa sababu msaada umo ndani ya kete yenyewe, kama kisoda. Simu za Android nazo, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, zina marekebisho ya rangi kwenye `Accessibility`, sehemu ya `Color correction`. Ukichagua `Deuteranomaly` simu inasogeza rangi ambazo zingegongana ziende mbali kidogo na mwenzake. Inasaidia, lakini ina mipaka yake. Simu haijui ipi ni kete na ipi ni nyasi za uwanjani, inasogeza vyote kwa pamoja. Ikitenganisha nyekundu na kijani inaweza kuisogeza mojawapo karibu na rangi nyingine iliyokuwa inaonekana vizuri. Umbo halina tatizo hilo.

Kuhusu masikio nitapita haraka kidogo. Mwaka 2004 zilitoka gemu mbili kubwa za kompyuta, Doom 3 na Half-Life 2. Doom 3 ilikuwa ya giza, na njia kuu ya kujua kwamba kuna zimwi nyuma yako ilikuwa kulisikia. Haikuwa na maandishi kwenye skrini. Kwa mchezaji kiziwi, kifo kilikuja bila onyo. Half-Life 2 ilikuja na maandishi ya aina mbili: yale ya mazungumzo tu, na yale yanayoandika pia sauti zisizo maneno, kama mlio wa silaha au adui anayekaribia. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua. Maandishi ya mazungumzo yanamsaidia asiyejua lugha. Kiziwi anahitaji kujua mlango umegongwa. Kwa Doom 3 ilibidi kikundi cha wapenzi wa gemu wakiongozwa na Reid Kimball watengeneze nyongeza yao, Doom3[CC], iliyoandika sauti hizo na kuonyesha pia zinatokea upande gani.

Pale Iringa kuna mahali pa kuelewa jambo hili bila gemu. Mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, unahudumiwa na watu viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, anapewa anachotaka. Sauti imehamishiwa kwenye maandishi na chai inakuja ikiwa moto vilevile. Kwenye gemu, ugumu wetu ni kwamba maandishi mara nyingi yanakuja kwa Kiingereza, na kwa kiziwi aliyesoma kwa Lugha ya Alama ya Tanzania na Kiswahili, hiyo ni lugha ya tatu inayopita kwenye kioo kwa sekunde mbili.

Haya, mikono.

Rudi kijiweni, lakini safari hii kwenye bao. Bao la kete lina mistari minne yenye mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni (sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani) na kete 22 za akiba, ambazo anaziingiza moja moja kila zamu katika hatua ya namua. Ukivuka mpaka wa Kasumulu kule Kyela ukaingia Malawi utalikuta ndugu yake, bawo. Sasa tazama mkono unavyofanya kazi: unachota kete za shimo moja, unazimwaga moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Vyote hivyo ni mkono mmoja. Mkono wa pili kazi yake ni kushikilia zile 22 za akiba, na hiyo kazi hata meza inaweza kuifanya. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi anaweka akiba yake chini pembeni, na anaweza kuwafunga wote waliokaa pale. Kingine kinachomsaidia ni zamu. Hakuna anayehesabu sekunde. Atakayecheka uzito wa mkono wake atalipishwa ubaoni.

Gemu ya kwanza ya umeme kwa watu wengi nchini, nadhani tutakubaliana, ilikuwa Snake ya simu za Nokia. Ilianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Kitufe cha 2 juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Kidole gumba kimoja cha mkono wowote. Haikuwa na rangi ya kukuchanganya wala sauti unayoihitaji. Kilichoweza kukushinda ni mwendo tu, na hata huo ulichagua mwenyewe kiwango chake kabla ya kuanza. Kwa viwango vyote tunavyozungumzia hapa, ile simu ya tochi ilikuwa mbele ya mashine nyingi za gharama.

Mashine za gharama zilikuwa zimeshika njia nyingine tangu mwaka 1982. Mwaka huo Gunpei Yokoi wa Nintendo, akitengeneza Donkey Kong ya mkononi, aliweka msalaba wa mwelekeo upande wa kushoto na kitufe cha kuruka upande wa kulia. Ulikuwa ubunifu safi kwa kifaa kidogo cha kushika kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata ukaingia kwenye pedi ya mashine ya nyumbani, na tangu hapo gumba la kushoto likawa la kutembea na la kulia likawa la kutenda. Mwaka 1997 pedi ya PlayStation ikapata vijiti viwili. Pedi iliyoko leo kwenye kibanda cha gemu pale Uyole au Kihesa ni mtoto wa uamuzi ule wa 1982.

Majibu yalitokea mapema, ila pembezoni. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa kifaa cha kuvaa kifuani kwa watu wasiotumia mikono kabisa: kijiti kilisogezwa kwa kidevu au mdomo, na vitufe vya A na B vilibonyezwa kwa kuvuta au kupuliza hewa kwenye mrija. Hukukipata dukani, ulikiagiza kwa simu. Miaka ya 1990 kampuni ya ASCII ya Japani iliuza pedi ya mkono mmoja. Cha kuchekesha ni kwamba waliilenga kwa wachezaji wa gemu ndefu za zamu waliotaka mkono mwingine ubaki huru. Watu wenye mkono mmoja wakafaidika na uvivu wa wengine. Na tazama ilikofaa: gemu za zamu, kama bao.

Sasa tufanye mfano kamili. Tuseme kijana mmoja wa Mbeya alianguka na bodaboda, akatua na bega, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkono wa kushoto ikachanika. Mkono upo lakini hauna nguvu. Zamani alikuwa mkali wa gemu ya mpira pale kibandani. Leo ana mkono wa kulia na PS4 ya kukodi kwa dakika. Anafanyaje?

Kawaida gemu ya mpira inadai kijiti cha kushoto kwa kukimbia, na vitufe vya kulia kwa pasi, shuti na kasi. Vyote viko pande mbili. Lakini mwezi Machi mwaka 2015 PS4 ilipata toleo la mfumo namba 2.50, na ndani yake kuna `Settings`, kisha `Accessibility`, kisha `Button Assignments`. Hapo unawasha mpangilio wako na kubadilishana vitufe kwa mashine nzima, gemu itake isitake. Kabla ya hapo ulitegemea huruma ya mtengenezaji wa kila gemu.

Kijana wetu anaweka pedi mapajani au juu ya kitambaa mezani isiteleze, anaishika upande wa kushoto kwa mkono wa kulia. Gumba linakaa kwenye kijiti cha kushoto. Kidole cha shahada kinafika L1, cha kati kinafika L2. Anaweka pasi kwenye L1, shuti kwenye L2, na kasi kwenye L3, yaani kukibonyeza kijiti chenyewe chini. Halafu ndani ya gemu anachagua mchezaji abadilike mwenyewe, ili asihitaji kitufe cha kubadilisha. Tayari: kukimbia, pasi, shuti na kasi kwa mkono mmoja.

Anachokosa ni pasi za kupenyeza, krosi na kila kitu cha kijiti cha kulia. Kijiti hakigeuki kuwa kitufe kwenye mpangilio huo. Kubonyeza L3 huku unaelekeza kijiti kunachosha gumba, na mkono wa pedi upande ule umechongwa kwa kiganja cha kushoto, kwa hiyo baada ya mechi mbili tatu kifundo kinauma. Kikianza kuuma, ahamishe kasi kwenye L2 na shuti kwenye L3, maana shuti ni chache na kasi ni kila dakika. Na kuna adabu ya kibanda: arudishe mpangilio kabla hajainuka, la sivyo anayefuata atapiga shuti akitaka pasi na kelele zitaanza.

Mwaka 2017 mashine za Xbox zilileta jambo ambalo kwa mazingira ya kibanda naliona bora zaidi, linaitwa Copilot: pedi mbili zinasomwa kama pedi moja. Kijana anakimbia na kupiga kwa yake, rafiki yake anashika nyingine na kutoa krosi tu. Mwaka 2018 ikaja Xbox Adaptive Controller, bapa lenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomekea vitufe vya nje, ambavyo unaweza kuvibonyeza kwa goti, mguu au kiwiko. Bei yake ilikuwa karibu dola 100, zaidi ya laki mbili za hapa, na vitufe vya nje unanunua mbali. Sony ilifuata na pedi yake ya aina hiyo kwa PS5 mwezi Desemba 2023, kwa dola 90.

Kwenye simu, ambako vijana wengi wa Mbeya na Iringa wanachezea sasa, gemu za mpira zimerudi palepale pa 1982: kijiti cha kuchora kona ya kushoto, vitufe vya kuchora kona ya kulia, na kioo kikubwa ambacho gumba moja haliwezi kukivuka. Ukitaka kuipima gemu kabla ya kutumia bando kuipakua, tazama video ya mtu akiicheza. Hesabu ni mara ngapi vidole viwili vinagusa kioo kwa wakati mmoja. Halafu zima sauti uone kama bado unaelewa kinachotokea, na uigeuze skrini yako kuwa nyeusi na nyeupe uone kama bado unajua kete ya nani ni ipi.